Kadi imeandikwa "idiopathiki": dokta kakwambia nini na hajakwambia nini

Hii ni hotuba niliyotoa kwenye kikao cha wagonjwa wa damu na ndugu zao hapa Dar. Baadhi yenu mliomba iandikwe, kwa hiyo nimeiandika kama nilivyoongea, na pale mliponikatiza kwa maswali nimeyaacha humo humo.

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za asubuhi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya damu, wengi wenu mnanijua kutoka kliniki. Leo sitaongelea chakula wala mambo ya bima, maana kwenye vikaratasi vya maswali mlivyoandika pale mlangoni swali moja limejirudia mpaka nimecheka. Mmoja kaliandika hivi, "Dokta kama hamjui chanzo mnatibu nini?" Mwingine kaandika kwa hasira kidogo, "Nimeambiwa ITP, hiyo I ni idiopathiki, nimeuliza maana yake nikaambiwa haijulikani, sasa si ungesema tu hujui."

Swali zuri sana hilo. Tukae nalo.

Wengi humu mnayo ITP, nyie wengine ni ndugu, kwa hiyo nieleze haraka. Kwenye damu kuna vitu vidogo vinaitwa chembe sahani, wengine mnaziita platileti, kazi yake ni kuziba mshipa ukitoboka. Mtu mzima wa kawaida anazo kama elfu 150 mpaka elfu 450 kwenye milimita moja ya ujazo wa damu, na kwenye karatasi ya FBP pale penye PLT wanaandika kwa kifupi tu 150 au 450, zile elfu wanaziacha. Sasa mwenye ITP unakuta ana 60, ana 30, ana 4. Anaota vidoadoa vyekundu kwenye miguu kama kaumwa na viroboto, ila ukivibonyeza havipotei, damu inavilia chini ya ngozi bila kugongwa, fizi zinavuja, hedhi haikatiki. Halafu ukiangalia vingine vyote, chembe nyekundu, chembe nyeupe, ini, bandama, viko sawa. Hiyo ndo picha.

Sasa nitawaelezea mama mmoja, tumwite Mama Zuhura, si jina lake na nimebadilisha mengine pia ili msimjue. Ana miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi kule Tanga. Alianza na fizi, akipiga mswaki povu linakuja jekundu, akadhani ni mswaki mgumu. Wiki ya pili hedhi ikaja na mabonge, wiki ya tatu miguu ikajaa vidoa. Akaenda zahanati, kipimo cha malaria hakuna kitu, akapewa vidonge vya kuongeza damu akarudi nyumbani. Siku tatu baadaye yuko hospitali, PLT 9.

Namba 9 inaogopesha, na mtu wa maabara alifanya kitu kimoja cha maana ambacho naomba mkijue wote kwa sababu kinawahusu. Kabla ya kutoa jibu alichukua tone la damu akalipaka kwenye kioo akaangalia kwa darubini. Kwanini? Kwa sababu ile damu tunayoichukua kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau kuna dawa ndani ya kuzuia isigande, na kwa watu wachache hiyo dawa inafanya chembe sahani zigandamane zenyewe kwa zenyewe mafungu mafungu, mashine inapita inahesabu fungu zima kama kitu kimoja au inalidhania ni chembe nyeupe, inatoa namba ndogo. Mtu hana ugonjwa wowote! Yuko mzima, tatizo liko kwenye kichupa. Nimeshaona mtu amepewa steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, miezi minne kwa ugonjwa wa kichupa. Ukiangalia kwenye kioo mafungu yanaonekana, au unarudia kwa kichupa cha kifuniko cha bluu ambacho dawa yake ni nyingine, namba inapanda yenyewe. Kwa Mama Zuhura hakukuwa na mafungu, zile 9 zilikuwa 9 kweli, na chembe chache zilizobaki baadhi zilikuwa kubwa kubwa, ishara kwamba uboho unazitengeneza kwa haraka ila kuna kitu kinazimaliza huko mbele.

Hapo ndo kazi ya kutafuta inaanza, na nataka mnisikilize vizuri hapa kwa sababu neno idiopathiki linaishi au kufa kwenye hii sehemu. Idiopathiki si kitu unachokiona kwenye kipimo. Hakuna kipimo cha maabara kinachotoka na jibu "idiopathiki, ndiyo". Ni neno unaloandika baada ya kutafuta visababishi vinavyojulikana ukavikosa. Kwa hiyo thamani yake inategemea umetafuta nini na kwa kiasi gani. Neno moja, herufi zile zile, kwenye kadi mbili tofauti, moja imetafutwa vizuri na nyingine mtu kaandika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Kwetu huku vya kutafuta ni vingi kuliko Ulaya. Malaria inashusha chembe sahani, sana tu, na ukiitibu zinarudi ndani ya siku chache. Dengi vile vile, wa Dar mnakumbuka mlipuko wa 2014 na ule wa 2019, watu walikuwa wanakuja na homa na PLT 40, wiki moja baadaye ziko juu bila dawa yoyote ya kupandisha. VVU, na hapa niseme wazi, wakati mwingine chembe sahani kushuka ndo dalili ya kwanza kabisa kabla mtu hajaumwa kitu kingine, na akianza dawa za kufubaza virusi zinapanda. Homa ya ini aina ya C. Lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Yule bakteria wa vidonda vya tumbo, helikobakta, kwa baadhi ya watu ukimtoa na damu inapanda. Halafu dawa, jamani dawa. Septrini inaweza. Rifampisini ya TB inaweza. Kwinini ndo kinara wa zamani, na si ya vidonge peke yake, hata ile iliyomo kwenye soda chungu ya toniki imewahi kuleta hii kitu kwa watu, kwa hiyo dokta akikuuliza unakunywa nini msimuone mmbea.

Mama Zuhura aliulizwa yote hayo. Hana homa, malaria imerudiwa hakuna, VVU hakuna, homa ya ini B na C hakuna, vipimo vya lupasi safi, viungo haviumi, nywele hazikatiki, helikobakta kwenye choo hakuna, dawa anazotumia ni panado basi, mitishamba alisema hatumii na mumewe akathibitisha. Altrasaundi bandama ya kawaida. Chembe nyeupe sawa, damu yenyewe imeshuka kidogo, 10.4, inaeleweka kwa hedhi ile. Ujauzito hakuna. Ndipo kadi ikaandikwa ITP.

Na mumewe akauliza swali lenu. "Kwa hiyo dokta, hamjaona kitu?"

Nikamwambia tumeona vingi. Tumeona chembe zake zinaharibiwa, hazikosi kutengenezwa. Tumeona si saratani ya damu, maana saratani ingegusa na chembe zingine na ingeonekana kwenye kioo. Tumeona si ugonjwa wa kuambukiza, watoto wanaweza kula naye sahani moja. Tumeona orodha nzima ya vitu ambavyo si. Kitu ambacho hatujaona ni kimoja, kwanini mwili wake umeanza kufanya hivi, yeye, mwaka huu.

Sasa huyu bwana aliposikia "kwanini hatujui" yeye akasikia "daktari kashindwa", na jioni ile ile simu zikapigwa, shangazi mmoja akasema hili la damu si la hospitali, huyu kachezewa, kuna mwalimu mwenzake alikuwa anaitaka nafasi yake. Siwacheki. Ukimwachia mtu nafasi tupu mahali panapotakiwa pawe na sababu, ataijaza, na atakayeijaza kwanza ndo anashinda. Shida ni kwamba mganga kule anachanja, na mtu mwenye PLT 9 kuchanjwa wembe ni hatari ya kweli, achilia mbali wembe wenyewe umetoka wapi. Kwa hiyo sisi madaktari tukisema "idiopathiki" tukanyamaza tunakuwa tumempeleka mtu huko kwa miguu yetu. Lawama nyingine hapo ni zetu.

Sasa nijibu lile la "mnatibu nini kama hamjui". Nitalijibu kwa historia ya huu huu ugonjwa, maana ni nzuri na mimi naipenda.

Mjerumani mmoja anaitwa Werlhof aliuandika mwaka 1735, binti mwenye madoa ya damu na kutokwa damu puani. Wakati huo chembe sahani zenyewe hakuna aliyekuwa anazijua. Miaka inaenda. 1916 kule Praga kijana mmoja bado mwanafunzi wa udaktari, Paul Kaznelson, akawashawishi wakubwa zake wamtoe bandama mama mmoja mwenye ugonjwa huu, hoja yake ni kwamba labda bandama ndo inazila hizi chembe. Wakamtoa. Chembe zikapanda juu kabisa, yule mama akapona. Angalieni basi, tiba imepatikana 1916 na chanzo hakuna anayekijua! Walijua ziko zinaharibiwa wapi, ikatosha kumsaidia mtu.

Halafu 1950 kule Marekani mji wa Sent Luisi, daktari kijana anaitwa William Harrington, naye akawa na wazo kwamba kuna kitu kwenye damu ya hawa wagonjwa kinachoua chembe sahani. Atajuaje? Akatafuta mgonjwa ambaye kundi lake la damu linaendana na lake, akajiwekea damu ya huyo mgonjwa kama nusu lita kwenye mshipa wake mwenyewe. (Leo ungefanya hivyo ungefukuzwa kazi kabla chupa haijaisha.) Ndani ya masaa machache chembe zake zikaporomoka karibu na sifuri, akajaa madoa, akapata na degedege, wenzake wakawa wanamuuguza wamejawa na hofu. Baada ya siku kama tano zikarudi zenyewe. Alipopona akaurudia mwaka ule kwa wenzake waliojitolea, 1951 ikachapishwa. Kumbe ni kweli, kuna kitu kwenye maji ya damu, na baadaye ikajulikana ni kingamwili, yaani askari wa mwili wenyewe wanazipaka alama chembe sahani zako kama adui, zikipita kwenye bandama zinakamatwa na kumezwa. Chembe ya kawaida inaishi siku 7 mpaka 10, hizi zinaishi masaa.

Kwa hiyo tukitoa prednisoloni, moja ya zile steroidi, hatutibu kitu tusichokijua. Tunatuliza askari. Tukitoa bandama tunaondoa mahali pa kukamatia. Zile dawa mpya za vidonge kama eltrombopagi zinauchochea uboho utengeneze nyingi kuliko zinazoliwa. Kila tiba ina mahali inapogusa na tunajua ni wapi. Kile ambacho hatukijui kiko nyuma zaidi, kwanini askari walianza.

Na ndo maana mwaka 2009 wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa wakasema neno idiopathiki liondolewe kwenye jina la huu ugonjwa, ile I isimame badala ya "imyuni", yaani wa kinga ya mwili, herufi ITP zikabaki zile zile ili watu wasichanganyikiwe. Wakachagua na mpaka, chini ya 100 ndo uiite ITP. Kwa hiyo yule aliyeandika kwa hasira, kadi yako imeandikwa kizamani, kwa mahospitali mengi bado ni hivyo na si dhambi, ila neno la leo linakwambia zaidi kuliko la jana. Na ugonjwa wako haukubadilika hata kidogo siku ile jina lilipobadilika. Idiopathiki ilikuwa inaongelea tulichokuwa tunakijua sisi, haikuwa tabia ya damu yako.

Kuna kaka ameinua mkono. Anauliza, je likiandikwa idiopathiki maana yake ni ugonjwa mbaya sana au mdogo?

Haisemi, kaka. Hilo neno halina habari kabisa na ukali. Chukua ile ya uso kwenda upande ghafla, umelala mzima umeamka jicho halifungi na chai inamwagikia kona ya mdomo, watu wanasema kapigwa na upepo au jini. Ile nayo kwa muda mrefu imeandikwa idiopathiki, na karibu watu 7 kati ya 10 wanapona kabisa hata bila dawa, wakiwahi steroidi ndani ya siku tatu ndo wanaongezeka zaidi. Halafu chukua ile ya mapafu kujaa makovu, nayo idiopathiki, na ile kabla ya dawa mpya wengi walikuwa wanaishi miaka 3 mpaka 5 tangu igundulike. Neno lile lile. Kwa hiyo ukitaka kujua utakuwaje, usiangalie hilo neno, angalia neno linalofuata, na uulize kuhusu hilo. ITP yenyewe inategemea na umri: mtoto mdogo aliyepata baada ya mafua, wengi wao, kama 8 kati ya 10, inaondoka yenyewe ndani ya mwaka na mara nyingi ndani ya miezi 6, wengine hatuwapi hata dawa tunawaangalia tu. Mtu mzima mara nyingi inakaa naye, inapanda inashuka.

Mama Zuhura ana kilo 60, akapewa prednisoloni miligramu 60 kwa siku. Kabla yake tulimpa dawa ya minyoo, na hii msiidharau, kuna mnyoo mmoja anaitwa strongiloidesi anaweza kukaa tumboni kimya miaka na miaka, ukimpa mtu steroidi anatawanyika mwili mzima anaua. Tukapima sukari na presha, tukamuuliza kikohozi kwa ajili ya TB. Siku ya 14 PLT 84. Wiki iliyofuata 140, nyumba nzima ikapiga vigelegele, shangazi akanyamaza kwa muda. Tukaanza kupunguza dozi taratibu, kwa sababu steroidi ukikaa nazo miezi uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inalika, lengo ni wiki kama sita umemaliza. Mwezi wa tatu zikashuka mpaka 31. Shangazi akarudi.

Hapa watu wanavunjika moyo lakini tuliwaambia mapema kwamba inaweza kutokea, wengi wa watu wazima zinashuka tena dozi ikiisha. Tukakaa naye. Havuji. Anafundisha. Zikaenda 38, 44, 41, zimekaa hapo. Hatumpi dawa sasa hivi, kwa sababu damu hatari kwa kawaida inakuja chini ya 20 na hasa chini ya 10, na kwa mtu mzima asiyevuja mwenye 40 madhara ya dawa yanaweza kuzidi ya ugonjwa. Tunatibu mtu, namba tunaiangalia kwa jicho la pembeni. Anachokatazwa ni aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, pamoja na sindano za msuli.

Sasa nieleze upande mwingine, ambao kwa kweli ndo ulionifanya nikubali kuongea leo. Mzee mmoja mvuvi, wa kule Ziwa Viktoria, miaka 46, alikuja kwetu na barua imeandikwa idiopathiki, PLT 52, ameshakula steroidi mara tatu hospitali moja huko hazikupanda, sukari ndo imepanda. Alale kitandani, mkono juu ya tumbo, bandama imevuka mbavu kiganja kizima! Jamani, kwenye ITP bandama haikui. Ukiikuta kubwa, futa hilo neno kwanza, anza upya. Altrasaundi ikaonyesha mshipa mkubwa wa ini umepanuka na makovu kuuzunguka, kichocho cha tumbo, miaka yote anasimama kwenye maji ya ziwa. Chembe zake hazikuwa zinauawa na kingamwili, zilikuwa zimejaa kwenye bandama iliyovimba kwa sababu damu inashindwa kupita kwenye ini. Steroidi pale zingefanya nini? Alihitaji prazikwanteli, na zaidi ya yote alihitaji kuangaliwa kwa kamera mishipa ya koo la chakula maana hiyo ndo ingekuja kupasuka ikamuua. Neno idiopathiki kwenye ile barua lilikuwa limefunga mlango wa kutafuta wakati mlango haujawahi kufunguliwa. Hakuna aliyekuwa amemshika tumbo.

Kwa hiyo ukipewa hilo neno, usiulize "kwanini hamjui". Dokta atajitetea tu, nawajua wenzangu. Uliza "mmetafuta nini na mmekosa nini?" Mwambie akuandikie kwenye kadi. Kama alitafuta, atakuandikia mistari minne mitano bila shida: kioo kimeangaliwa, VVU, homa ya ini B na C, dawa zimeulizwa, bandama imeshikwa au imepigwa altrasaundi. Kama akianza kukuna kichwa nawe umejua. Na si lazima kila mtu apimwe kila kitu, mtoto wa miaka minne mchangamfu mwenye vidoa baada ya mafua humtoboi uboho. Mtu wa miaka 65 ambaye ana chembe chache ni habari nyingine, huyo tunafikiria uboho wenyewe kuchoka, na kipimo cha uboho kinaweza kuwa na maana hata kama mwanzoni kila kitu kinaonekana safi.

Lingine ni kwamba hilo neno lina tarehe. Lilikuwa kweli siku lilipoandikwa. Lupasi inaweza kuja miaka baada ya chembe sahani kushuka, mtu alipimwa mwanzoni hana, mwaka wa tatu viungo vinavimba asubuhi, nywele zinakatika, uso unawaka akikaa juani. Huyo anapimwa tena, haambiwi "wewe si ni ITP tu". Vile vile dawa zikigoma zote, au chembe nyekundu na nyeupe nazo zikianza kushuka, au ukigundua mama yako na kaka yako nao wana chembe chache tangu utotoni, hapo kuna uwezekano ni ya kuzaliwa nayo na dawa za kutuliza kinga hazitasaidia hata ukimeza gunia. Mara zote hizo tunarudi mwanzo.

Na kuhusu msongo wa mawazo, nimeona karatasi mbili zimeuliza. Hapana. Idiopathiki si jina la kistaarabu la kusema umejitakia, wala si kusema iko kichwani mwako. Ukiambiwa hivyo mahali, aliyekwambia kaongeza la kwake.

Dada pale nyuma. Ongea kwa sauti kidogo wakusikie. Anasema ana miaka 27, PLT zinacheza kwenye 50, ameolewa mwaka jana na mama mkwe kasema asizae mpaka chanzo kijulikane maana atamrithisha mtoto.

Zaa dada, ila zaa ukiwa na kliniki. Chanzo kinaweza kisijulikane kamwe na si sharti la kuzaa. ITP ya aina yako kwa kawaida hairithiwi. Ila mama mkwe kuna kitu kagusia bila kujua, maana zile kingamwili zako zinapita kwenye kondo zinaingia kwa mtoto, na watoto wachache wanazaliwa na chembe pungufu kwa ajili hiyo. Huko si kurithi, ni za kwako zimeazimwa, zinaisha kwenye damu yake ndani ya wiki chache. Tunachofanya ni hivi, mimba ikianza unapimwa FBP kila mwezi na mwishoni kila wiki, wakati wa kujifungua tunataka uwe na 50 kwenda juu, na ukitaka sindano ya ganzi ya mgongo tunataka zaidi, 70 au 80, zikiwa chini tunakupa prednisoloni dozi ndogo wiki chache kabla. Mtoto akitoka anachukuliwa damu kwenye kitovu, na hata zikiwa nzuri siku hiyo anarudiwa, kwa sababu zinashuka zaidi kati ya siku ya 2 na ya 5, halafu ile sindano ya vitamini K ya msuli inasubiri mpaka namba ijulikane. Wambie wakunga mapema, si siku ya uchungu. Na mama mkwe uje naye kliniki, nina nafasi Jumatano.